Kununua mashine kwa mafungu: kuiingiza vitabuni na kuandika uchakavu wa mwaka wa kwanza

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wenye mashine za nafaka, karakana na viwanda vidogo ninaowatunzia vitabu. Karibu yote yanazaliwa na jambo moja: mtu amesaini mkataba wenye bei mbili, ya taslimu na ya mafungu, halafu hajui ni ipi aiandike. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho ili namba zifuatane.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa, mkoani Dodoma, ananunua Dar es Salaam seti ya kukoboa na kusaga mahindi. Akilipa taslimu, bei ni shilingi 18,000,000. Kwa mafungu anatoa kianzio cha 6,000,000, kisha marejesho sita ya 2,400,000 kila mwisho wa miezi mitatu. Mashine alikabidhiwa tarehe 1 Aprili 2024, na rejesho la kwanza ni 30 Juni. Mwaka wake wa hesabu unafungwa 31 Desemba. Hajasajiliwa VAT.

Niandike bei ipi, ya taslimu au jumla ya mafungu yote?

Andika ya taslimu. Mashine yako ni ya 18,000,000. Ukijumlisha kianzio na marejesho sita unapata 20,400,000, lakini ile 2,400,000 ya juu haikununua chuma wala mota. Imenunua muda wa kulipa, na muda huo jina lake ni riba. Kiwango cha kimataifa cha mali za kudumu, IAS 16, kinasema hivyohivyo: malipo yakicheleweshwa kupita muda wa kawaida wa mkopo wa biashara, gharama ya mali ni bei yake ya taslimu siku ya kuipokea, na tofauti huandikwa kama riba katika muda wote wa deni.

Nasisitiza hapa kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini niliingiza mashine ya karakana moja kwa jumla ya mafungu, nikaona vitabu vimelala sawa, urari umefunga, nikaridhika. Mkaguzi aliuliza swali moja tu: "Riba ya deni hili iko wapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa riba yote nilikuwa nimeizika ndani ya mashine.

Ingizo la siku ya kwanza linaandikwaje?

Siku unayokabidhiwa mashine, 1 Aprili 2024:

Debiti: Mitambo na mashine 18,000,000
Krediti: Benki (kianzio) 6,000,000
Krediti: Deni la mashine 12,000,000

Hapo una mali kamili na deni kamili, hata kama umelipa theluthi moja tu. Wengi huingiza mashine kwa 6,000,000 waliyotoa, kisha kila rejesho likilipwa wanaiongezea thamani. Matokeo yake ni mashine inayokua thamani vitabuni huku inachakaa kibandani, na deni lisiloonekana popote.

Lakini mkataba unasema mashine ni ya muuzaji mpaka nimalize. Nawezaje kuiandika ni yangu?

Fikiria bodaboda ya mkataba. Kadi iko kwa tajiri, lakini dereva ndiye anayeamka nayo, anayeweka mafuta, anayebeba hasara ikianguka, na mwisho wa mkataba inabaki kwake. Wahasibu wanaangalia nani anaitawala mali na kuvuna matunda yake, na nani amebeba hatari. Karatasi ya umiliki ina kazi yake: inamlinda muuzaji usipolipa. Katika vitabu mashine ni yako tangu 1 Aprili. Katika maelezo ya hesabu andika kwamba muuzaji anabaki na haki juu yake mpaka deni liishe, ili anayesoma hesabu zako, kwa mfano ofisa mikopo wa benki, asidhani ni mali huru ya kuwekwa rehani.

Kuna mpaka, hata hivyo. Kama mkataba ni wa kukodi tu, mwisho wa muda unairudisha mashine, huo si ununuzi wa mafungu. Una kanuni zake, na majibu ya ukurasa huu hayaufai.

Usafiri, msingi wa zege na fundi wa kufunga vinaingia wapi?

Vinaingia kwenye gharama ya mashine. Kipimo ni hiki: bila matumizi hayo, mashine ingeweza kufika mahali pake na kufanya kazi? Mteja wetu alilipa lori kutoka Dar 600,000. Msingi wa zege na ufungaji ulimgharimu 900,000. Majaribio, yaani umeme, mahindi yaliyoharibika wakati wa kurekebisha nyundo na nyavu, na posho ya fundi, yalifika 300,000. Jumla 1,800,000, yote yalilipwa Aprili:

Debiti: Mitambo na mashine 1,800,000
Krediti: Benki 1,800,000

Kwa hiyo gharama kamili ya mashine ni 19,800,000.

Alitoa pia 200,000 kumfundisha kijana wa kuiendesha. Hiyo haiingii. Kijana anaweza kuondoka kesho na ujuzi wake, mashine ikabaki palepale. Ni gharama ya mwaka:

Debiti: Gharama za mafunzo 200,000
Krediti: Benki 200,000

Vivyo hivyo kwa bango la uzinduzi, pilau ya ufunguzi na safari za bosi kwenda kuulizia bei.

Na VAT?

Kama umesajiliwa na una haki ya kuidai kodi hiyo, usiiweke ndani ya gharama ya mashine. Itoe kwenye bei na uiandike kama VAT inayodaiwa kurudi, na hakikisha unayo risiti ya EFD yenye jina na namba yako ya mlipakodi. Kama hujasajiliwa, kama huyu wa Kibaigwa, au bidhaa zako ni za msamaha na hivyo huwezi kuidai, VAT uliyolipa ni sehemu ya gharama ya mashine. Imetoka mfukoni na hairudi.

Riba naigawaje kwenye kila rejesho? Muuzaji anasema ni "asilimia 20 tu".

Hiyo 20 ameipata kwa kugawa 2,400,000 kwa deni la 12,000,000, kana kwamba ungekaa na 12,000,000 nzima mpaka siku ya mwisho. Hukai nayo. Kila baada ya miezi mitatu unarudisha sehemu, kwa hiyo fedha unayoitumia inapungua. Riba halisi inapigwa juu ya deni lililobaki, si juu ya deni la mwanzo.

Kiwango halisi unakipata kwenye Excel kwa mstari mmoja. Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho likiwa na alama ya kutoa kwa sababu ni fedha inayotoka, ya tatu ni deni ulilopewa:

```
=RATE(6,-2400000,12000000)
```

Jibu ni asilimia 5.47 kwa kila miezi mitatu, karibu asilimia 21.9 kwa mwaka. Linganisha na hiyo "20 tu" ya miezi 18, ambayo kwa hesabu ya haraka mtu angedhani ni asilimia 13 na kidogo kwa mwaka. Hapo ndipo ninapomwambia mteja aende kwanza benki akaulize, kabla hajasaini.

Usiizungushe 5.47 unapopiga hesabu. Acha Excel itumie desimali zake zote, la sivyo deni halitafika sifuri mwishoni. Jedwali linatoka hivi:

| Tarehe | Rejesho | Riba | Inayopunguza deni | Deni linalobaki |
|---|---|---|---|---|
| 1 Aprili 2024 | | | | 12,000,000 |
| 30 Juni 2024 | 2,400,000 | 656,615 | 1,743,385 | 10,256,615 |
| 30 Septemba 2024 | 2,400,000 | 561,220 | 1,838,780 | 8,417,835 |
| 31 Desemba 2024 | 2,400,000 | 460,606 | 1,939,394 | 6,478,441 |
| 31 Machi 2025 | 2,400,000 | 354,487 | 2,045,513 | 4,432,928 |
| 30 Juni 2025 | 2,400,000 | 242,561 | 2,157,439 | 2,275,489 |
| 30 Septemba 2025 | 2,400,000 | 124,511 | 2,275,489 | 0 |

Soma mstari wa kwanza taratibu, mingine itajieleza. Deni ni 12,000,000, riba ya miezi mitatu ni 656,615. Umelipa 2,400,000, kwa hiyo kilichobaki baada ya riba, 1,743,385, ndicho kinachokata deni. Robo inayofuata riba inapigwa juu ya 10,256,615, ndiyo maana inashuka. Kwenye rejesho la mwisho nimerekebisha shilingi moja iliyotokana na kuzungusha.

Kwa hiyo siku ya kulipa rejesho naandika nini?

Kwa rejesho la 30 Juni:

Debiti: Gharama ya riba 656,615
Debiti: Deni la mashine 1,743,385
Krediti: Benki 2,400,000

La Septemba na la Desemba ni hivyohivyo, ila mgawanyo unabadilika kama jedwali linavyoonyesha. Kufikia 31 Desemba akaunti ya riba itakuwa imebeba 1,678,441, na deni litakuwa 6,478,441.

Rejesho zima lisiandikwe kama matumizi. Nimeona vitabu ambamo kila 2,400,000 imewekwa kwenye "gharama za mashine", halafu mwisho wa mwaka uchakavu nao ukaongezwa juu yake. Hapo mashine moja imekatwa mara mbili kwenye faida: mara ya kwanza ilipolipwa, mara ya pili ilipochakaa.

Sina kompyuta. Siwezi kugawa riba sawasawa, 400,000 kila rejesho?

Utapata namba rahisi lakini si sahihi. Kwa marejesho matatu ya mwaka wa kwanza utaandika riba ya 1,200,000 badala ya 1,678,441, na mwaka wa pili utabebeshwa riba isiyo yake.

Njia ya mkono iliyo bora ni ile ya jumla ya namba. Marejesho ni sita, kwa hiyo jumlisha 6+5+4+3+2+1, unapata 21. Rejesho la kwanza linabeba 6/21 ya riba yote, la pili 5/21, la tatu 4/21. Kwa 2,400,000 hiyo ni 685,714, kisha 571,429, kisha 457,143. Jumla ya mwaka wa kwanza ni 1,714,286. Inapishana na hesabu ya Excel kwa 35,845 tu. Kwa deni fupi kama hili sina ugomvi nayo. Deni likiwa la miaka minne au mitano pengo linakua, na hapo tafuta kompyuta hata ya kuazima.

Uchakavu unaanza lini? Siku niliyonunua, siku niliyoanza kusaga, au nikimaliza deni?

Hakuna hata moja kati ya hizo tatu. Unaanza siku mashine iko mahali pake na iko tayari kufanya kazi kama ulivyokusudia. Kwa mteja wetu fundi alimaliza majaribio na kumkabidhi 30 Aprili, kwa hiyo uchakavu unahesabiwa kuanzia 1 Mei. Hata kama mteja wa kwanza na debe lake angekuja Juni, bado ungeanza Mei.

Hapa kuna saa mbili, na zinaanza kugonga siku tofauti. Saa ya deni ilianza 1 Aprili, mashine ilipokabidhiwa. Saa ya uchakavu ilianza 1 Mei, mashine ilipokuwa tayari. Wanaozichanganya ndio wanaouliza kama uchakavu ugawanywe kwa miezi 18 ya mkataba. Deni litaisha Septemba 2025, mashine itaendelea kusaga kwa miaka.

Nipigie hesabu ya mwaka wa kwanza.

Tunahitaji namba tatu. Ya kwanza ni gharama, 19,800,000. Ya pili ni thamani ya mabaki, yaani kiasi ungekipata leo kwa kuuza mashine ya aina hiyo ikiwa tayari imechoka kama itakavyokuwa mwisho wa matumizi yako. Mteja wetu aliwauliza mafundi wanaonunua mashine kuukuu, wakakadiria 1,800,000. Ya tatu ni miaka atakayoitumia, na aliiweka 10, akijua anasaga msimu mzima na mota inafanyiwa huduma.

Kinachochakaa ni 19,800,000 kutoa 1,800,000, yaani 18,000,000. Gawa kwa miaka 10, kila mwaka ni 1,800,000, kila mwezi 150,000. Kuanzia Mei hadi Desemba ni miezi minane, kwa hiyo 1,200,000. Ingizo la 31 Desemba 2024:

Debiti: Gharama ya uchakavu 1,200,000
Krediti: Uchakavu limbikizi wa mitambo 1,200,000

Krediti usiipeleke moja kwa moja kwenye akaunti ya mashine. Acha mashine ibaki 19,800,000 na uchakavu ukae pembeni kwenye akaunti yake. Ukija kuuza utahitaji kujua ilinunuliwa kwa ngapi na imechakaa kwa ngapi, na mkaguzi naye atataka kuziona zote mbili. Kwenye mizania zinaonyeshwa pamoja: gharama 19,800,000, uchakavu limbikizi 1,200,000, thamani ya vitabuni 18,600,000.

Nyundo, nyavu, mikanda na beringi unazobadilisha kila mara hazihusiki na hesabu hii, ni gharama za matengenezo za mwezi husika. Mota kubwa ni jambo lingine. Ikiwa bei yake ni sehemu kubwa ya seti na unajua itakufa mapema kuliko kinu, itenge na uichakaze kwa miaka yake yenyewe.

Shuleni tulifundishwa uchakavu wa mwaka mzima kwa mali iliyonunuliwa ndani ya mwaka, na sifuri mwaka wa kuuza.

Nami nilifundishwa hivyo, na maswali ya mitihani bado yanakuja na sera hiyo. Ukikutana nayo kwenye swali, ifuate. Katika hesabu halisi zinazofuata viwango vya kimataifa, ambavyo Tanzania imevitumia tangu Julai 2004, uchakavu unaanza mali inapokuwa tayari. Kwa mashine yetu sera ya mwaka mzima ingeongeza 600,000 kwenye gharama za 2024, miezi minne ambayo mashine ilikuwa bado haipo au haijafungwa.

Kuanzia Oktoba mahindi yalipungua, mashine ikasimama. Nisimamishe uchakavu?

Usiusimamishe, kama unatumia njia ya kiasi sawa kwa mwaka. Mashine iliyosimama inapata kutu, na teknolojia inaipita. Kama kazi yako ni ya msimu kweli, unaweza tangu mwanzo kuchagua kuchakaza kwa saa za kazi: unakadiria mashine itafanya saa ngapi maishani mwake, unagawa 18,000,000 kwa saa hizo, kisha unazidisha kwa saa ilizofanya. Hapo mwezi ambao haikuzungushwa unaweza kuwa na uchakavu wa sifuri. Lakini njia hiyo inataka daftari la saa linalojazwa kila siku bila kukosa. Katika wateja wangu wachache wameliweza, na kwa wengi nashauri kiasi sawa.

Riba ya Aprili, kabla mashine haijawa tayari, si sehemu ya gharama ya mashine?

Hapana. Riba huingizwa kwenye gharama ya mali pale tu ujenzi au ufungaji unapochukua muda mrefu kweli, kama kujenga kiwanda. Mwezi mmoja wa kufunga mashine haufiki huko.

Taarifa ya muuzaji ya 31 Desemba inasema nadaiwa 7,200,000. Vitabu vyangu vinasema 6,478,441. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. Yeye amehesabu marejesho matatu yaliyobaki, 2,400,000 mara tatu. Wewe umeandika deni bila riba ambayo muda wake haujafika. Tofauti ni 721,559, na ukijumlisha riba za mistari mitatu ya mwisho kwenye jedwali, 354,487 na 242,561 na 124,511, unaipata hiyohiyo. Fanya ulinganisho huu kila mwisho wa mwaka. Tofauti isipolingana na riba iliyobaki, kuna rejesho limeandikwa vibaya au muuzaji ameongeza faini.

Wapo wanaopenda vitabu vyao vifanane na vya muuzaji. Siku ya kwanza wanaweka krediti ya deni 14,400,000 na debiti ya 2,400,000 kwenye akaunti ya riba ya mbele, kisha kila rejesho wanahamisha sehemu ya riba kwenda gharama. Sina pingamizi, mradi kwenye mizania riba ya mbele itolewe kwenye deni. Kuiacha upande wa mali kama kitu unachomiliki ni kosa.

Ningeandika 20,400,000 kama gharama ya mashine, si mwishowe ingetoka sawa tu?

Baada ya miaka 10 ingetoka sawa. Njiani ingekupotosha, na mwaka wa kwanza ndio ungepotoshwa zaidi. Tuone. Mashine ingekuwa 22,200,000 pamoja na usafiri, zege na majaribio. Uchakavu wa miezi minane ungekuwa 1,360,000 badala ya 1,200,000, umezidi kwa 160,000. Riba ingekuwa sifuri badala ya 1,678,441. Kwa hiyo faida ya 2024 ingepanda kwa 1,518,441 ambazo hukuzipata. Ndugu wawili wenye ubia wangeweza kugawana faida hiyo hewa, wakakosa fedha ya rejesho la Machi. Deni nalo lingesomeka 7,200,000, na mashine ingeonekana na thamani ya 20,840,000 wakati ni 18,600,000.

Namna ya kuligundua kosa hili kwenye vitabu vya mtu mwingine: tafuta deni kubwa la mali lisilo na riba yoyote kwenye taarifa ya mapato, kisha linganisha gharama ya mashine na bei ya taslimu kwenye ankara au proforma.

Mwisho wa mwaka nitajuaje kwamba nimeandika sawa?

Hesabu fedha iliyotoka. Kianzio 6,000,000, usafiri na ufungaji na majaribio 1,800,000, mafunzo 200,000, marejesho matatu 7,200,000. Jumla 15,200,000, na inabidi ionekane kwenye taarifa ya benki.

Sasa uliza fedha hiyo imekwenda wapi. Una mashine ya 18,600,000 lakini unadaiwa 6,478,441, kwa hiyo chako ndani yake ni 12,121,559. Gharama za mwaka ni riba 1,678,441, uchakavu 1,200,000 na mafunzo 200,000, jumla 3,078,441. Jumlisha 12,121,559 na 3,078,441, unarudi kwenye 15,200,000. Isiporudi, rudi kwenye ingizo la kila rejesho kwanza, ndiko kosa hukaa mara nyingi.

Rejesho la Desemba nilishindwa kulilipa. Riba yake niiache mpaka nitakapolipa?

Iandike. Riba inazaliwa na muda, si na malipo. Ungeweka debiti ya gharama ya riba 460,606 na krediti ya riba inayodaiwa 460,606. Deni lenyewe lingebaki 8,417,835. Soma mkataba kama kuna faini ya kuchelewa. Ikishakuangukia, nayo ni gharama ya mwaka huo. Usiiongeze kwenye mashine.

Ni vivyo hivyo kama siku ya rejesho haigongani na siku ya kufunga mwaka. Kama rejesho lako linaangukia mwisho wa Februari, Desemba 31 andika riba ya mwezi mmoja ambao umeshapita.

Muuzaji hana bei ya taslimu, anauza kwa mafungu tu. Nifanye nini?

Tafuta bei ya taslimu ya mashine ya aina na uwezo uleule kwa wauzaji wengine, na utunze proforma zao kama ushahidi. Ukikosa kabisa, chukua kiwango cha riba ambacho benki ingekutoza kwa mkopo kama huo na uyashushe marejesho yote hadi thamani ya leo, kisha ongeza kianzio. Kwa Excel, kama benki ingekutoza asilimia 5 kwa robo mwaka:

```
=PV(5%,6,-2400000)
```

Uchakavu huu ndio ninaoupeleka TRA?

Sio huo. Sheria ya Kodi ya Mapato ina uchakavu wake, unaohesabiwa kwa madaraja ya mali na viwango vilivyopangwa. Daraja la kwanza, kwa mfano, lenye kompyuta na magari madogo, ni asilimia 37.5 ya salio, la pili 25 na la tatu 12.5. Unapopiga kodi unairudisha 1,200,000 ya vitabuni kwenye faida, halafu unatoa uchakavu wa kikodi. Kama unalipa kodi ya makadirio kwa mauzo, uchakavu haubadilishi kodi yako, lakini bila huo hutajua kama kusaga kunalipa. Uliza mshauri wa kodi mashine yako iko daraja gani kabla ya kujaza ritani.

Nimepata fedha, nataka kumaliza deni lote Desemba 31 baada ya rejesho la mwezi huo. Naandikaje?

Kwanza jadiliana. Usikubali kulipa 7,200,000 nzima, kwa sababu ndani yake mna 721,559 ya riba ya miezi ambayo hutaitumia fedha yake. Tuseme mmekubaliana 6,700,000. Deni vitabuni ni 6,478,441, hivyo ziada ni 221,559:

Debiti: Deni la mashine 6,478,441
Debiti: Gharama ya kumaliza deni mapema 221,559
Krediti: Benki 6,700,000

Omba barua ya kumaliza deni na ya kuachia haki juu ya mashine, uiweke faili moja na ankara. Akaunti ya mashine na ya uchakavu haziguswi. Januari mashine inachakaa kwa 150,000 ileile, kama ilivyokuwa ikichakaa ulipokuwa unadaiwa.